Kupima Nyuzinyuzi za Chakula cha Siku Moja

Kila mtu aliyepita darasa la Sayansi aweza kutaja makundi ya chakula bila kufikiri: vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili, vya kulinda mwili. Lakini kiko kitu kimoja ambacho hakitii nguvu nyingi wala hakijengi nyama, na kwa sababu hiyo husahauliwa. Kitu hicho ni nyuzinyuzi, ambazo wataalamu wengine huziita makapimlo. Katika kurasa hizi nataka kueleza kazi yake, na hasa namna ya kujua mtu amekula gramu ngapi kwa siku, kwa kutumia mizani ya jikoni na hesabu tuliyofundishwa shule ya msingi. Nimejifunza jambo hili nyumbani kwa mjomba wangu mjini Morogoro, wakati wa likizo iliyopita, nami nitalieleza kama lilivyokuwa.

Kwanza yafaa tujue nyuzinyuzi ni nini. Ni sehemu ya mmea ambayo juisi za tumbo letu haziwezi kuivunja. Zimo katika ganda la punje ya mahindi, katika maharage, katika majani, na katika nyama ya tunda. Hazimo katika nyama ya mnyama, wala samaki, wala mayai, wala maziwa, wala mafuta, wala sukari. Chakula kingine chote kikisha kusagwa na kunyonywa katika utumbo mwembamba, nyuzinyuzi huendelea na safari mpaka utumbo mpana. Huko baadhi yake, kama zile za pumba, hushika maji na kukifanya choo kiwe kizito na laini, kisogee upesi. Nyingine, kama zile za maharage na machungwa, hulainika kama uteute; hizi huchelewesha sukari isiingie katika damu kwa ghafula, na tena huliwa na vijidudu wema wanaoishi humo ndani. Vijidudu hao wakila hutoa asidi nyepesi ambazo ndizo chakula cha ngozi ya utumbo wenyewe.

Jambo hili lilipata kujulikana ulimwenguni kwa sehemu kubwa kutokana na kazi iliyofanywa hapa Afrika ya Mashariki. Daktari Hugh Trowell alitibu watu Kenya na Uganda kwa karibu miaka 30, na Daktari Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda tangu miaka ya 1940 mpaka miaka ya 1960. Wote wawili waliona kwamba maradhi yaliyojaza hospitali za Ulaya, kama uvimbe wa kidole tumbo, kufunga choo, na kadhalika, yalikuwa haba sana miongoni mwa watu wa vijijini waliokula nafaka zisizokobolewa, maharage na viazi. Mwaka 1972 Burkitt na wenzake wawili walitoa taarifa ya vipimo vyao. Waliwapa watu vidonge vidogo vinavyoonekana kwa eksirei, wakahesabu saa zilizopita mpaka vilipotoka, na wakapima uzito wa choo. Waliokula chakula chenye nyuzinyuzi nyingi walikuwa na choo kizito zaidi, na chakula chao kilipita upesi zaidi. Ni kweli kwamba wanakijiji hutofautiana na watu wa mjini kwa mambo mengi, si kwa chakula peke yake. Lakini tangu hapo uchunguzi mwingi umefanywa, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila mtu mwenye umri wa miaka 10 na zaidi ale angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Mtoto wa miaka 6 mpaka 9 apate gramu 21, na wa miaka 2 mpaka 5 apate gramu 15.

Sasa nije kwa mjomba. Yeye ni fundi cherehani, hukaa kitini tangu asubuhi mpaka jioni. Kwa muda wa mwaka mzima alikuwa akisumbuliwa na kufunga choo, na mwishowe akapata bawasiri. Alipoona damu hakukaa nyumbani kujitibu, bali alikwenda hospitali, na hivyo ndivyo ipasavyo, kwa sababu damu chooni yaweza kuwa dalili ya maradhi mengine yasiyoponywa kwa chakula. Daktari alimpima, akampa dawa, akamweleza kwamba kujikamua kwa nguvu ndiko kunakojaza damu katika mishipa ya njia ya haja kubwa mpaka ikavimba. Akamwambia pia ale gramu 25 za nyuzinyuzi kila siku na anywe maji ya kutosha. La sivyo huenda akarudi kwa ajili ya kupasuliwa. Mtu mwenye watoto wawili shuleni, ambaye asiposhona hapati senti, hawezi kulichukulia neno hilo kwa wepesi.

Mjomba alirudi na karatasi yake, akaiweka mezani, akaniuliza, “Mwanangu, wewe unasoma Sayansi. Gramu 25 ni sahani ngapi?”

Nikamjibu, “Mjomba, sahani haisemi. Tupime vinavyoingia katika sufuria.”

Mkaza-mjomba huoka keki za kuuza, kwa hiyo mizani ndogo ya jikoni ilikuwamo nyumbani. Nilikuwa na jedwali la virutubisho vya chakula, kama lile la Tanzania lililochapwa mwaka 2008 au lile la Kenya la mwaka 2018. Jedwali la namna hii huonyesha, kwa kila gramu 100 za chakula fulani, zimo gramu ngapi za kila kirutubisho. Namba za majedwali hutofautiana kidogo, maana mahindi ya shamba hili si mahindi ya shamba lile, na mashine hii haikoboi sawasawa na ile. Kwa hiyo namba nitakazozitaja ni za kukaribia, nazo zatosha kwa kazi ya nyumbani.

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua uzito wa kitu kabla ya kupikwa, zidisha kwa namba ya jedwali, kisha gawanya kwa 100:

nyuzinyuzi = uzito (gramu) × namba ya jedwali ÷ 100

Fanya hivyo kwa kila kitu kilichoingia katika sufuria, jumlisha, na hapo umepata nyuzinyuzi za sufuria nzima. Baada ya hapo hapana budi kujua mlaji mmoja amechukua sehemu gani ya sufuria hiyo. Hii ndiyo hatua inayowashinda wengi, nayo ni rahisi. Pima sufuria tupu kabla ya kupika. Chakula kikisha iva, pima sufuria pamoja na chakula, toa uzito wa sufuria, na kilichobaki ni uzito wa chakula kilichoiva. Kisha pima chakula cha sahani ya mlaji, nacho pia ukiondoe uzito wa sahani. Gawanya sahani kwa sufuria, utapata sehemu yake.

Mtu aweza kuuliza, “Je, maji yaliyoongezwa hayaharibu hesabu?” Hayaharibu. Maji hayana nyuzinyuzi, na kuchemsha hakuziondoi kwa kiasi cha kutupa shida. Chakula huongezeka uzito kwa kunywa maji, lakini nyuzinyuzi zilizoingia ndizo zilizomo. Sufuria yenye gramu 13 itabaki na gramu 13, ikiwa nzito ama nyepesi.

Basi tulipima siku moja nzima, Jumanne, bila kubadili cho chote, ili tuone mjomba alikuwa akila nini. Nilimwomba mkaza-mjomba apike kama siku zote, naye akakubali kwa sharti kwamba nisimchelewesha jikoni.

Asubuhi kulikuwa na chai na maandazi. Unga mweupe wa ngano ulikuwa gramu 500, na namba yake katika jedwali ni 2.7. Mara tano ya 2.7 ni 13.5. Sukari, chai, na mafuta ya kukaangia vyote ni sifuri. Yalitoka maandazi 20, na mjomba alikula 4, yaani moja ya tano. Alipata gramu 2.7.

Mchana kulikuwa na wali na mchuzi wa nyama. Mchele mweupe ulikuwa gramu 1,000, namba yake ni 1.3, kwa hiyo sufuria ilikuwa na gramu 13. Wali ulipoiva ulikuwa na uzito wa gramu 2,600, na sahani ya mjomba ilikuwa na gramu 650, ambayo ni robo kamili. Robo ya 13 ni 3.3 hivi. Katika mchuzi, nyama gramu 500 ni sifuri. Nyanya gramu 300 kwa namba ya 1.2 ni 3.6, na vitunguu gramu 200 kwa namba ya 1.7 ni 3.4. Jumla ya mchuzi ni 7, na kwa kuwa alichukua robo tena, alipata 1.8 hivi. Soda aliyokunywa baada ya chakula ni sifuri.

Usiku kulikuwa na ugali wa sembe na samaki wa kukaanga mwenye mchuzi. Sembe ilikuwa gramu 800, na namba yake ni karibu 4, kwa hiyo gramu 32 katika sufuria. Ugali uliiva ukawa gramu 2,300, na tonge za mjomba zote pamoja zilikuwa gramu 575, robo. Alipata gramu 8. Samaki ni sifuri, na nyanya na vitunguu vya mchuzi vilimpa gramu 1.

Jumla ya siku ni 2.7 na 3.3 na 1.8 na 8 na 1, yaani 16.8. Ilipungua gramu 8 na kitu kufikia alichoagizwa. Mjomba aliitazama karatasi kwa muda, akasema, “Kumbe nashiba kila siku, na bado nina njaa ya kitu nisichokijua.”

Naomba msomaji aangalie vizuri orodha ile, kwa maana ina fundisho. Mtu huyu hakuwa akila kidogo. Alikula sahani tatu zilizojaa. Lakini vitu vilivyoijaza meza yake, yaani nyama, samaki, mafuta, sukari na soda, vyote vilikuwa sifuri, na nafaka zake zote tatu zilikuwa zimeondolewa ganda mashineni. Ugali, chakula alichokidharau kuliko vyote, ndio uliokuwa umebeba karibu nusu ya nyuzinyuzi zake zote.

Tulipokaa kufikiri namna ya kuongeza gramu 8, njia ya kwanza iliyonijia ni unga wa dona. Dona husagwa pamoja na ganda na kiini, na namba yake ni karibu 7. Robo ya ugali wa gramu 800 ni gramu 200 za unga. Kwa sembe zinatoa 8, kwa dona zinatoa 14. Lakini mkaza-mjomba alikataa. “Dona ni chakula cha bweni,” alisema. “Wageni wakija nitawawekea nini?” Nami sikubishana naye, kwa kuwa jiko ni lake. Tukaendea maharage.

Maharage makavu yana namba ya karibu 15, nayo ni kubwa kuliko ya kitu kingine cho chote kilichokuwamo katika nyumba ile. Lakini hapa yapo mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni kwamba tumbo lisilozoea likipewa maharage mengi kwa mara moja hujaa gesi, kwa sababu wale vijidudu wa utumbo mpana huyashambulia kwa furaha. Yafaa kuongeza polepole, kwa wiki kadhaa, na kunywa maji, maana nyuzinyuzi bila maji zaweza kuzidisha kufunga choo badala ya kukilainisha. Kwa hiyo wiki ya kwanza nyama ilipunguzwa kuwa gramu 250, na maharage makavu gramu 150 yakaingia katika mchuzi wa mchana. Gramu 150 kwa namba ya 15 ni 22.5. Robo ya mjomba ni 5.6. Jumla ya siku ikapanda kutoka 16.8 mpaka 22.4.

Jambo la pili ni hesabu yenyewe, na hapa ndipo binamu yangu aliye Kidato cha Kwanza aliponipa somo zuri bila kukusudia. Naye alitaka kuhesabu. Aliyapakua maharage ya baba yake yaliyoiva, akayachuja, akayapima, akapata gramu 90. Akazidisha kwa 15, akagawanya kwa 100, akatangaza, “Baba amepata gramu 13 na nusu!” Wote wakafurahi.

Nikamwuliza, “Ile ni sehemu gani ya sufuria?”

“Robo,” akasema.

“Basi sufuria nzima ina ngapi?”

Akazidisha mara nne, akapata 54. Kisha akatazama daftari ambamo tulikuwa tumeandika kwamba maharage yote yaliyoingia yalikuwa na gramu 22.5 tu. Akanyamaza, kisha akacheka mwenyewe.

Kosa lake ni la kawaida sana. Ile 15 ni namba ya maharage makavu, naye aliitumia kwa maharage yaliyokwisha kunywa maji. Maharage yakiiva uzito wake huwa zaidi ya mara mbili, kwa hiyo katika kila gramu 100 zilizoiva hubaki gramu 6 au 7 tu za nyuzinyuzi. Majedwali mengi yana mistari miwili, mmoja wa kitu kibichi au kikavu, na mmoja wa kilichopikwa. Ukipima kikavu, tumia mstari wa kikavu. Ukipima kilichoiva, tumia mstari wa kilichoiva. Na ikiwa huna hakika, fanya alivyofanya binamu: jumlisha sahani zote, kisha linganisha na sufuria. Sahani haziwezi kuwa na zaidi ya kilichoingia jikoni.

Wiki ya pili tuliongeza chungwa moja baada ya chakula cha mchana, mahali pa soda. Hapa tena mizani inataka uangalifu. Chungwa zima lilikuwa na gramu 200, lakini ganda lake lilitupwa, na kilicholiwa kilikuwa gramu 150. Namba za jedwali huhesabiwa kwa sehemu inayoliwa peke yake. Gramu 150 kwa namba ya 2.4 ni 3.6. Lau tungelihesabu pamoja na ganda tungalipata 4.8, yaani zaidi ya gramu moja ambayo haikuingia tumboni. Kadhalika ndizi ipimwe imekwisha menywa, na mboga ipimwe imekwisha chambuliwa. Tena chungwa lenyewe liliwe, lisikamuliwe na kuchujwa, kwa kuwa zile nyuzi zinazobaki katika chujio ndizo tunazozitafuta.

Kwa chungwa hilo jumla ikawa gramu 26. Hesabu ilikuwa imetimia, na mkaza-mjomba hakuwa ameguswa unga wake. Zaidi ya hayo, nusu ya nyama iliyopunguzwa ilikuwa na bei kubwa kuliko maharage na machungwa yote ya wiki, jambo ambalo yeye aliliona kabla yangu.

Nadhani ni hesabu ile ya fedha iliyomfanya mwenyewe, katika wiki ya tatu, aulize habari za dona. Alipeleka mahindi mashineni, akamwambia msagaji asikoboe. Siku ile jumla ya mjomba ikafika 32, na hakuna mtu aliyelalamika mezani, ingawa mdogo wa binamu alisema kwamba ugali ulikuwa “umevaa kanzu ya khaki.”

Lakini sitaki msomaji adhani kwamba dona haina shida yake. Ziko mbili, nazo yafaa zijulikane na wazazi. Kwanza, kiini cha punje kina mafuta, na mafuta yakisagwa na kukutana na hewa huharibika. Unga wa dona ukikaa muda mrefu hutoa harufu mbaya na ladha ya uchungu. Kwa hiyo ni vizuri kusaga kidogo kidogo, unga wa wiki mbili hivi, wala si gunia zima. Pili, mahindi yaliyovunwa yakiwa na unyevu au yaliyowekwa mahali pabichi huota ukungu, na ukungu wa aina fulani hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii hukaa zaidi katika ganda na kiini, na kukoboa huipunguza. Basi anayetaka kula ganda pamoja na punje hana budi kuchagua mahindi makavu na safi, na kuondoa punje zote zilizovunjika, zilizobadilika rangi, au zilizotobolewa na wadudu, kabla ya kwenda mashineni. Kusaga dona kutoka mahindi mabovu ni kuponya tumbo na kuumiza ini.

Jambo la mwisho nililoligundua liko katika maktaba. Niliporudi shuleni nilipekua kitabu cha zamani cha lishe, nikakuta unga wa mahindi usiokobolewa umeandikiwa namba ya karibu 2, si 7. Nilikwenda kwa mwalimu wetu wa Baiolojia, nikamwonyesha.

Akaniambia, “Soma kichwa cha safu hiyo.”

Kilikuwa kimeandikwa nyuzi ghafi. Mwalimu akanieleza kwamba zamani wakemia walichemsha chakula katika asidi, kisha katika alkali, na kilichobaki ndicho walichokiita nyuzi. Njia hiyo ilifaa kwa kupima majani ya ng’ombe, lakini iliyeyusha sehemu kubwa ya nyuzinyuzi ambazo mwili wa binadamu haziyeyushi. Kwa hiyo namba za zamani ni ndogo mno, na mtu akichanganya namba za kitabu kipya na za kitabu cha zamani katika hesabu moja, jumla yake haitakuwa na maana yo yote. Chagua jedwali moja la siku hizi, lenye kipimo cha nyuzinyuzi za chakula, ukae nalo.

Huenda wanafunzi wenzangu watataka kujua hali ya chakula chetu cha bweni. Jumatatu moja, kwa ruhusa ya mtunza stoo, nilinakili daftari lake. Kwa wanafunzi 200 yalitoka maharage makavu kilo 16. Gawanya, utapata gramu 80 kwa kila mmoja, na kwa namba ya 15 hizo ni gramu 12 katika bakuli moja, kabla hujagusa ugali. Ni karibu nusu ya mahitaji ya siku. Lakini hesabu hii ina sharti lake: ni wastani wa waliokula, wala si wa anayemwaga. Anayechota mchuzi juu juu na kuziacha punje chini ya bakuli, kisha akaenda dukani kununua soda na mkate mweupe, stoo imemhesabia 12 lakini tumbo lake halikuzipokea. Mizani ya stoo hupima kilichotolewa. Kilichoachwa katika ndoo ya mabaki hapana budi kipimwe kivyake na kutolewa katika jumla.

Na mjomba? Katika barua aliyoniletea muhula huu alisema kwamba sasa huenda haja kila siku bila kujikamua, na maumivu yamepungua sana. Daktari amemwona tena, naye ameona kwamba hakuna haja ya kupasua kwa sasa, ingawa amemwagiza arudi kuangaliwa. Siku za sikukuu na arusi hapimi kitu. Asema hesabu ya siku moja haiharibu hesabu ya mwezi, nami naona hapo amesema kweli, maana utumbo hufuata mazoea ya wiki na miezi. Daftari bado liko juu ya kabati la vyombo, na mkaza-mjomba ndiye anayeliandika. Aliongeza ukurasa wa mboga alizozipima mwenyewe, na juu ya ukurasa huo ameandika kwa herufi kubwa: ZIKISHA CHAMBULIWA.